Kofi linaloleta majibu: jinsi ya kujua mtoto anapiga ili apate nini

Mvulana ana miaka 9, ana ulemavu wa akili, na maneno anayoyatamka yakaeleweka hayafiki 15. Kila siku ya shule lazima ampige mtu: mwalimu, msaidizi wa darasa, au mtoto aliyekaa karibu. Kikao kimeitwa kumjadili na kila mtu amekuja na jibu lake mfukoni. Mmoja anasema ni mtundu, amedekezwa. Mwingine anasema ni ulemavu wenyewe, watoto hawa ndivyo walivyo. Wa tatu, kwa sauti ya aliyeona mengi, anasema, "Anatafuta kuonekana tu. Msimjali, ataacha." Mama yake amenyamaza. Hayo yote ameshayasikia, na nyumbani ameshayajaribu.

Mvulana huyu nimemuunda kutokana na watoto kadhaa niliokaa nao darasani, ili nisimwanike yeyote. Kikao chenyewe sikukibuni. Nimeshakaa katika vikao vya namna hiyo hata sikumbuki idadi. Mara nyingi mwisho wake huandikwa sentensi moja: mtoto afanyiwe tathmini ya tabia. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Wazazi wengine hudhani ni kipimo cha akili. Wengine hudhani ni karatasi ya kuandaa kumfukuza mtoto shule. Na walimu wengine, niseme ukweli, hudhani ni fomu ya kujaza ili mkuu wa shule asiulize tena.

Tathmini ninayoizungumzia ni uchunguzi wa kujibu swali moja: kupiga kunamletea mtoto huyu nini? Haiulizi ana kasoro gani wala nani alaumiwe. Ndiyo maana wenye fani huiita tathmini ya kazi ya tabia. Neno "kazi" hapa ni kama tunaposema kazi ya ufunguo ni kufungua. Tabia inayojirudia kila siku ina kitu inachokifungua.

Hapa kuna hoja ambayo husikika kila mara: "Lakini huyu hana akili ya kupanga hayo." Sawa, hapangi. Mtu akiingia chumba chenye giza akabonyeza swichi na taa ikawaka, kesho ataibonyeza tena, hata kama hajui umeme ni kitu gani. Mtoto mchanga anajifunza hivyo, na mnyama vilevile. Kujifunza kutokana na kinachofuata baada ya tendo hakuhitaji hila, wala hakuhitaji maneno. Kwa hiyo ubishi wa kama mtoto anafanya makusudi au la hautufikishi popote. Tunachotafuta ni taa ipi inayowaka akipiga.

Taa hizo si nyingi. Mtoto anaweza kupiga ili kitu kimwondokee: kazi, kelele, mtu, foleni. Anaweza kupiga ili mtu amgeukie, hata kama ni kwa kumkemea. Anaweza kupiga ili apate kitu, kama mpira ulio mikononi mwa mwenzake. Na baadhi ya tabia hujilipa zenyewe kwa hisia zinazouletea mwili, bila mtu mwingine kufanya lolote, ingawa kwa tabia ya kuwapiga wengine hii si sababu unayoikuta mara nyingi. Ugumu ni kwamba kofi la kukimbia kazi na kofi la kumwita mwalimu, ukiyatazama kwa macho, ni kofi lilelile. Ukilitazama kofi peke yake hutajua chochote.

Kabla ya daftari la mwalimu huja daktari. Mtoto asiyeweza kusema "jino linauma" atalisema kwa mkono. Masikio, meno, kufunga choo, usingizi mbovu, dawa iliyobadilishwa juzi: haya yaangaliwe kwanza, hasa kama kupiga kumeanza ghafla au kumeongezeka bila darasa kubadilika. Kwa mvulana wetu daktari hakuona ugonjwa, ila mama alieleza kwamba kuna usiku analala kwa muda wa saa 4 au 5 tu. Tuliliandika hilo pembeni, na baadaye lilitusaidia.

Kuandika kinachoonekana

Hatua ya kwanza darasani ilikuwa kukubaliana "kupiga" ni nini. Inaonekana kama kupoteza muda mpaka watu wawili wahesabu siku moja, mmoja apate makofi 3 na mwenzake 11. Tuliandika hivi: kupiga ni mkono wake, wazi au ngumi, kumgusa mtu mwingine kwa nguvu, au kurushwa kuelekea mtu ukakingwa. Kupiga meza hakuhesabiwi. Kusukuma daftari hakuhesabiwi, ila kunaandikwa, kwa sababu nitakayoieleza.

Kisha kila tukio lilipewa mstari wenye sehemu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mistari ya siku ya kwanza ilikuwa ya namna hii: "Alikasirika akampiga mwalimu bila sababu yoyote." Huwezi kuitumia. "Alikasirika" ni maoni ya mwandishi, na "bila sababu" maana yake ni kwamba mwandishi alikuwa anatazama kwingine. Baada ya siku mbili za mazoezi msaidizi wa darasa aliandika huu:

"Saa 3 na dakika 20. Ananakili herufi, yuko mstari wa tatu. Mwalimu: 'Endelea.' Anakaza penseli mpaka vidole vinakuwa vyeupe, anaguna, anasukuma daftari. Mwalimu analirudisha. Anampiga mwalimu begani mara 1. Mwalimu: 'Hapana! Hatupigani!' Nikamtoa nje, akakaa kwenye benchi dakika 10. Ametulia, anachezea kamba ya kiatu."

Mstari huo mmoja una karibu kila kitu, lakini mstari mmoja hautoshi. Tuliandika kwa siku 10 za shule tukapata makofi 38. Kati ya hayo, 27 yalipigwa wakati wa kazi ya penseli mezani, na kazi hiyo haichukui hata saa moja katika siku yenye saa 5. Mengine 6 yalitokea wakati wa kupanga foleni. Matano yaliyobaki yalitawanyika huku na kule, na wakati wa mchezo huru, ambapo watoto wamemzunguka na mwalimu ana shughuli zake, alipiga mara moja tu.

Tazama pia safu ya tatu. Katika makofi yale 27, mara 24 mtoto aliondolewa mezani. Benchi la nje liliwekwa kama adhabu. Yeye alikuwa analipokea kama ruhusa. Karibu kila alipopiga, kazi ilikwisha, na watu wazima wawili walihakikisha imekwisha. Simlaumu yeyote kwa hilo, maana mwenye watoto wengine 20 darasani anapoona kofi, jambo la kwanza ni kutenganisha. Na mwalimu naye alikuwa analipwa: mtoto akitoka, darasa linatulia. Ndiyo sababu adhabu isiyofanya kazi huweza kudumu miaka.

Mtu makini atauliza: unajuaje kwamba ni kukimbia kazi? Baada ya kofi mwalimu pia alimsemesha, akamtazama, akamkemea. Huenda yule wa "anatafuta kuonekana" ana haki. Swali hilo ni zuri, na daftari peke yake haliwezi kulijibu, kwa sababu kukemewa na kutolewa nje vilikuja pamoja karibu kila mara. Ni kama kula vyakula viwili kwa pamoja kisha tumbo likauma. Itabidi uvitenganishe.

Jaribio dogo la kutenganisha

Njia ya kutenganisha ilipata umbo lake mwaka 1982, pale Brian Iwata na wenzake walipochapisha kazi yao kuhusu watoto wanaojiumiza wenyewe. Waliwaweka watoto katika hali mbalimbali zilizopangwa, hali moja baada ya nyingine, wakahesabu tabia inapanda katika hali ipi. Wazo ni jepesi ukishaliona: badilisha jambo moja, mengine yaache, kisha hesabu.

Kwa mvulana wetu tulifanya vipindi vifupi vya dakika 10, mtu aliyefunzwa akiwa anasimamia. Hatukusubiri kofi. Hapa ndipo kukaza penseli, kuguna na kusukuma daftari kulipotufaa. Hizo ni dalili zinazotangulia, na kwake zilikuwa zinakuja kabla ya karibu kila kofi. Ukihesabu dalili badala ya makofi unapata jibu lilelile bila mtu kuumia. Jambo hili ni muhimu kwa sababu jaribio la namna hii linaichokoza tabia makusudi. Mtoto akiwa na nguvu za kuumiza vibaya, lisifanywe na mtu ambaye hajafunzwa.

Katika kipindi cha aina ya kwanza alipewa kazi ya kunakili, mwalimu akiwa ubavuni, akimsemesha na kumsifu muda wote. Akionyesha dalili, kazi iliondolewa kwa nusu dakika. Aina ya pili haikuwa na kazi kabisa. Mwalimu alikaa karibu akisoma karatasi zake, hamsemeshi; akionyesha dalili, anamgeukia na kuzungumza naye. Aina ya tatu ilikuwa mchezo tu, mtu yupo, hakuna anachoagizwa. Kila aina ilirudiwa mara 3 katika siku tofauti. Kwenye kunakili dalili zilikuja mara 4 hadi 6 kila kipindi, ingawa alikuwa anasemeshwa na kusifiwa kuliko siku yoyote. Kwenye kupuuzwa bila kazi ilikuja mara 1 tu katika vipindi vyote vitatu. Muda mwingine alisimama dirishani. Kwenye mchezo, hakuna.

Kama angekuwa anatafuta kuonekana, ingekuwa kinyume chake. Na ushauri wa "msimjali" ungefuatwa, mwalimu angegeuka pembeni kila anapopigwa, kazi ingesimama, na kofi lingeendelea kulipa vilevile.

Tathmini inapokwisha vizuri hubaki na sentensi moja ndefu. Yetu ilisema hivi: akipewa kazi ya penseli ikaendelea zaidi ya kama dakika 4, hasa asubuhi baada ya usiku wa kulala kidogo, hukaza penseli, huguna, husukuma daftari, na akirudishiwa hupiga, akipiga, kazi huondolewa. Usiku wa kulala kidogo hausababishi kofi peke yake. Unachofanya ni kuifanya kazi ileile iwe nzito zaidi, kama mzigo wa kilo 10 unavyozidi kuwa mzito ukiwa na njaa.

Kumpa neno la kusema alichokuwa anakisema kwa mkono

Sasa tunafika kwenye stadi mbadala, na hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Stadi mbadala ni njia nyingine, inayokubalika, ya kupata kilekile ambacho kofi lilikuwa linakileta. Nasisitiza kilekile. Nimeona mipango iliyoandikwa kwa wino mzuri kwamba badala ya kupiga mtoto afundishwe "kucheza na wenzake kwa upole" au "kutumia mikono yake kupaka rangi". Ni mambo mema, lakini hayaondoi daftari mbele yake. Anayedai kutoka chumbani humpi maji ya kunywa ukatarajia aache kugonga mlango.

Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walilionyesha hilo kwa watoto 4. Mtoto aliyekuwa anafanya fujo kwa sababu kazi ni ngumu alifundishwa kusema kwamba haelewi, akasaidiwa. Aliyekuwa anatafuta kusemeshwa alifundishwa kuuliza kama anafanya kazi vizuri, akasifiwa. Fujo zikashuka. Lakini watoto walipofundishwa sentensi isiyolingana na sababu yao, sentensi hiyo haikuwasaidia. Maneno yalikuwa mazuri, ila yalifungua mlango usio wao.

Mvulana wetu alihitaji kusema "nipumzike". Mtu alipendekeza tumfundishe kusema, "Mwalimu, naomba kupumzika tafadhali." Lakini kumbuka anashindana na nani. Kofi linachukua nukta moja, halihitaji kutamka, mtu yeyote analielewa, na kwa daftari letu lilikuwa linalipa mara 24 kati ya 27. Sentensi yenye maneno manne, kwa mtoto mwenye maneno yasiyofika 15, mwalimu aisikie kwa shida kisha ajibu "subiri kidogo", haiwezi kulishinda. Stadi mbadala lazima iwe rahisi kuliko kofi, ijibiwe upesi kuliko kofi, na ijibiwe kila mara. Tukachagua kadi: ukubwa wa kiganja, picha ya mtu aliyekaa, imebandikwa kwenye kona ya meza upande wa mkono anaoutumia.

Tuliifundisha hivi. Mwalimu alikaa mbele yake na kazi. Msaidizi alikaa nyuma, kimya. Dalili ya kwanza ilipotokea, penseli ikikazwa tu, msaidizi aliushika mkono wa mtoto polepole, akaupeleka kwenye kadi, akauongoza kuitoa kwa mwalimu. Mwalimu akasema "Pumzika!" na papo hapo akaondoa daftari. Mtoto akaenda kwenye kona ya kupumzika dakika 2, saa ya kuhesabu ikiwa mbele yake. Kisha akarudi. Siku za kwanza tulifanya hivyo mara 15 hadi 20 kwa siku, kwa vipande vifupi vya kazi, ili apate nafasi nyingi za kujaribu. Kila siku msaidizi alipunguza mkono wake: kutoka kushika kiganja, kwenda kugusa kiwiko, kwenda kukaa tu.

Kwa nini msaidizi alikuwa kimya? Mwalimu akizoea kumwuliza "Unatakiwa kusema nini?", mtoto hujifunza kusubiri swali. Siku swali lisipoulizwa, anapiga. Na kwa nini tulisubiri dalili badala ya kofi? Kosa hili ni dogo lakini hugharimu miezi. Ukimwongoza kwenye kadi mara tu baada ya kofi, atajifunza mlolongo mzima kama wimbo: piga, toa kadi, pumzika. Nilishawahi kumfundisha mtoto mlolongo huo mimi mwenyewe, kwa juhudi kubwa, na nikamlaumu yeye.

Na akipiga kabla hujamuwahi? Kofi linakingwa, hakuna hotuba, kazi inabaki mezani. Tunasubiri atulie kama nukta 10 hadi 15, tunampa hatua moja rahisi sana, kama kuchora mstari mmoja, kisha anaongozwa kwenye kadi. Benchi la nje likafutwa. Hapo wazazi na walimu huonywa mapema: kofi likiacha kulipa ghafla, huweza kuongezeka kwanza. Mtu akibonyeza swichi aliyoizoea na taa isiwake, haondoki. Huibonyeza tena na tena, kwa nguvu zaidi. Makofi yaliyokuwa karibu 4 kwa siku yalifika 6 katika siku za mwanzo. Wengi huacha mpango hapo hapo, na mtoto anakuwa amejifunza kwamba inabidi apige zaidi.

Lakini kuna watoto ambao huwezi kuwaachia kazi mezani baada ya kofi: mkubwa wa mwili, mwenye nguvu, darasa limejaa. Usalama ukilazimu atolewe, atolewe, ila malipo mawili yasilingane. Akitoa kadi apate mapumziko marefu na mazuri, dakika 3 kwenye kona anayoipenda na kitu anachokipenda. Akipiga apate mapumziko mafupi, nusu dakika, yasiyo na chochote. Tofauti ikiwa kubwa na ya kudumu, mtoto huhamia upande unaolipa vizuri.

Wakati huohuo tuliigusa kazi yenyewe. Mtu anayekaza penseli mpaka vidole vinageuka rangi ana shida ya mkono, na ingekuwa ukatili kumfundisha kuomba mapumziko kutoka kwenye mateso tunayoweza kuyapunguza. Alipewa penseli nene, mistari mifupi, na herufi za kupanga kwa mkono zikachanganywa na za kuandika. Asubuhi ambazo mama alituma ujumbe kwamba hakulala, tulianza na nusu ya kazi.

"Si ataomba kupumzika siku nzima?"

Ndiyo. Wiki ya pili aliitoa kadi mara 40 kwa siku, na mwalimu mwenzangu aliniambia kwa utani uliobeba ukweli, "Sasa umemfundisha uvivu." Wapo pia wanaosema kwamba mapumziko ni zawadi ya tabia mbaya. Lakini mapumziko alikuwa anayapata tangu zamani. Kilichobadilika ni sarafu anayolipia. Na mara zile 40 ndizo zinazomfanya aiamini kadi. Ukianza kukataa mapema, unamfundisha kwamba kofi ndilo la kuaminika.

Makofi yalipobaki 1 kwa siku au pungufu kwa wiki nzima, tulianza kurefusha. Mwalimu alipopewa kadi alisema "bado kimoja", akaonyesha kidole kimoja na kisanduku kimoja kwenye ukanda wa karatasi. Mtoto akaandika herufi moja, kisanduku kikawekwa alama, akaenda kupumzika. Baadaye visanduku 2, kisha 3, kisha mstari. Hatukupandisha mpaka siku 3 mfululizo zipite salama, na dalili zikirudi tulishuka ngazi moja. Ukanda ule ulikuwa na kazi nyingine: unamwonyesha mwisho uko wapi. "Subiri" ya mdomoni haina mwisho unaoonekana, na kwa mtoto huyu neno lisilo na mwisho lilikuwa sawa na hapana. Baada ya miezi 2 alikuwa anafanya dakika 12 za kazi ya mezani kwa kuomba mara moja, na makofi ya mezani yalikuwa 2 kwa wiki.

Kisha akaja mwalimu wa zamu ambaye hakuelezwa chochote. Aliipandisha kadi kabatini ili isimvuruge mtoto. Siku ya pili akapigwa, akamtoa nje kwenye benchi. Wiki ile makofi yalikuwa 9. Tabia ya zamani haifutiki kichwani. Hukaa pembeni, na njia mpya ikizibwa hurudi upesi kuliko ilivyoondoka. Tangu hapo tuna kadi 3 zinazofanana, na karatasi ya mistari mitano ukutani kwa yeyote anayeingia.

Namba tunazoziandika kila siku ni mbili: makofi, na mara alizotoa kadi bila kuguswa. Makofi yakishuka huku kadi haipandi, usifurahi haraka. Huenda watu wameacha kumpa kazi kabisa, na hilo hutokea zaidi ya linavyosemwa. Kadi ikipanda huku makofi hayashuki, ama sababu ulikosea, ama kofi bado linalipa mahali fulani usipopatazama.

Kwa mvulana wetu mahali hapo palikuwa nyumbani. Mama alichukua kadi moja, akaiweka mezani, akaifundisha vilevile kwa subira. Wiki 2 baadaye alirudi. "Mwalimu, anaitoa, namwambia apumzike, kisha anakuja kumpiga mdogo wake." Tukampa daftari lenye safu tatu. Siku 7, makofi 16, na 13 kati yake yalikuja mama akiwa anaongea na simu au amempakata mdogo. Hakukuwa na kazi ya kukimbia. Kila mara kilichofuata ni mama kuweka simu chini.

Kadi ya kupumzika pale ilikuwa inasema kinyume cha alichotaka. Tukaiondoa nyumbani, tukaanza upya na kitu kingine: kumgonga mama mkononi mara 2 taratibu, na mama, hata akiwa kwenye simu, amgeukie papo hapo amshike bega. Siku ya kwanza alimgonga mara 50 na kitu. Mama alinitumia hesabu hiyo usiku, na chini yake akaandika kwamba mdogo hakupigwa.